Noti Chini ya Kitambaa

Mama Hulda, kiongozi wa kwaya yetu ya Butembo, alisifiwa kwa kutoa noti ya kwanza bila kinanda. Siri yake niliijua mimi tu, Séphora, ninayeuza vifaa vya simu sokoni: écouteur ndogo ya bluetooth sikioni, chini ya kitambaa cha kichwa. Noti za nyimbo alizirekodi kwenye simu. Anajifanya kujikuna, anaigusa mara moja, noti inalia. Akiigusa mara mbili, inarukia wimbo unaofuata. Simu ikiita, mara mbili ni kuipokea. Kwenye baridi ya Butembo haikuwahi kumwaibisha.

Lakini sherehe ya makwaya ilikuwa Beni, na Beni kuna joto. Tena komite ya kwaya ilishasema wazi: tukiharibu huko, kwaya anapewa Abdias, bwana mwenye majivuno kuliko suti yake.

Tulifika na vumbi la barabara usoni. Mama Hulda akaigusa écouteur kuijaribu, kimya. Nikaifuta kwa kitambaa kikavu, ikaamka.

"Mama, jasho nayo inaigusaka kama kidole," nikamnong'oneza. "Uzime ile ya kugusa mu telefone."

"Nikizima, ton nitatosha wapi?" Yaani, noti ya kwanza ataitoa wapi. "Mais Séphora, unyamaze!"

Haya. Tukapanda jukwaani. Jasho lilimtiririka, kitambaa kikalowa na kuganda sikioni, noti ikaruka. Alitupa ya wimbo mwingine, juu kabisa. Wanaume walikaza shingo mpaka nikawaonea huruma. Kisha simu ikaita, jasho likaipokea. Ni mumewe, Lévi, aliyekuwa nyumbani akitafuta ufunguo. Mama Hulda akagusa ili akate. Wapi! Maji yameshika kila mahali, kidole hakijulikani tena.

"Ufunguo iko chini ya sufuria!" akafoka.

Sasa, sisi tumefundishwa hivi: kiongozi akitupa maneno, unayarudia bila kuuliza. Tukaitika kwa sauti nne, *ufunguo iko chini ya sufuria*, besi wakaongeza *sufuria, sufuria*. Beni nzima ikasimama kupiga makofi. Komite haikusimama.

Jumapili iliyofuata Abdias akapewa kwaya. Niliumia, kusema kweli, maana yule mama ametulea. Akaniletea écouteur niitazame. Niliisafisha, nikaikausha siku kadhaa, nikaiweka mezani bila mtu kuigusa. Ikaruka nyimbo yenyewe, moja baada ya nyingine.

"Mama, hii si jasho tena. Mahali ya kugusa imekufa. Kuifuta haitasaidia kitu."

"Haitapona kabisa?"

"Hapana."

Kwa mara ya kwanza tangu Beni, Mama Hulda akatabasamu.

"Basi uifunge muzuri mu karatasi ya cadeau, nitapeleka zawadi," akasema. "Abdias naye hajuake kutosha ton."