Karatasi za Andazi

Andazi lilikuwa la moto na mafuta yalikuwa yameshapenya kwenye karatasi, lakini mwandiko ulisomeka. Mwalimu Perpetua Msengi alisimama katikati ya uwanja wa shule, akaligeuza andazi upande wa pili na kusoma maneno yake mwenyewe: *Jiwe likizama, maji hulisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyohamishwa. Si uzito wa jiwe. Kama ingekuwa uzito wa jiwe, jiwe lingeelea.*

Sentensi ya mwisho aliiandika mara tatu kabla ya kuridhika nayo. Sasa ilikuwa na doa la mafuta.

Akarudi kwenye kibanda cha Mama Zaina, nyuma ya uzio.

"Mama Zaina, hizi karatasi umezitoa wapi?"

"Ticha, limeungua? Nikubadilishie."

"Andazi zuri. Nauliza karatasi."

"Si ni za hapo hapo kwenu! Zimeletwa jana, furushi zima. Nzuri kweli, hazichuji wino kama magazeti." Mama Zaina akavuta boksi kutoka chini ya meza. Ndani kulikuwa na vipande virefu vyembamba, vyote vya upana mmoja, vyote vimekatwa kwa mkasi kwenye mstari wa katikati. Vyote vya Kiswahili. Upande wa Kiingereza haukuwepo hata mmoja.

Perpetua hakuuliza nani alivileta. Alidhani anajua.

Vilikuwa vya daftari la fizikia lililomchukua likizo yote ya Juni kuliandika. Kila ukurasa aliugawa kwa mstari wa wima. Kushoto, maelezo kwa Kiswahili: jambo lenyewe ni nini, kwa nini linatokea, watu hukosea wapi. Kulia, sambamba na maelezo hayo na kwa namba ileile, maneno ya Kiingereza kama yanavyokuja kwenye mtihani na kama msahihishaji anavyotaka kuyaona. Mtihani wa taifa wa fizikia unaulizwa kwa Kiingereza na kujibiwa kwa Kiingereza; hilo hakuweza kulibadilisha. Aliloweza ni kuhakikisha mtoto anajua anachokisema kabla hajakisema. Alichapa nakala sitini na mbili kwenye mashine ya kurudufu ya shule, akazibana kwa pini, akazigawa Julai.

Mwalimu Gunda, mkuu wa taaluma, alizipinga tangu siku ya kwanza. Gunda ndiye aliyekuwa na kibao: kipande cha mbao chenye kamba, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba mvaaji amekutwa akiongea Kiswahili. Aliyevikwa alikaa nacho shingoni hadi amkamate mwenzake na kumkabidhi. Kilizunguka shule nzima tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho.

Perpetua akaingia ofisi ya walimu na boksi mikononi, akalitua juu ya meza ya Gunda, juu ya ratiba aliyokuwa akiipigia mistari.

"Ungekuwa mwanaume ungeniambia usoni."

Gunda akainua kichwa taratibu. "Madam Msengi. Habari za saa nne."

"Nusu ya kazi yangu inafungia maandazi. Nusu ipi? Ile usiyoitaka. Mkasi ulitumia wa ofisi au ulikuja na wa nyumbani?"

Walimu wengine wakaacha chai. Gunda akachukua kipande kimoja, akakiangalia, akakirudisha.

"Sijakata."

"Ni nani basi? Panya?"

"Nilisema hadharani kwamba sizitaki. Nilimwandikia mkuu wa shule, na nakala nikakupa wewe. Mimi nikitaka kukuzuia nakuzuia kwa barua, Madam, siendi kuuza vipande kwa Mama Zaina. Waulize watoto wako."

Perpetua alimchukia Gunda kwa mambo mengi, ila kusema uongo hakukuwemo kati ya hayo. Akabeba boksi lake na kutoka.

Kidato cha pili B walisimama alipoingia. Hakuwaambia wakae.

"Kila mmoja aweke daftari langu juu ya dawati."

Yakatoka. Zaidi ya nusu yalikuwa membamba kama rula: upande wa kulia tu, umebanwa upya kwa uzi, umefunikwa jalada la gazeti. Kazi nadhifu. Kazi nadhifu kuliko zote ilikuwa kwenye dawati la kwanza karibu na dirisha, la Theofrida Shango.

Hapo hasira ya Perpetua ilibadilika, ikawa baridi. Theofrida alikuwa anarudia kidato cha pili. Alishaanguka mara moja, na kanuni ilikuwa wazi: ukianguka mara ya pili unarudi nyumbani. Mitihani ilikuwa imebaki miezi mitatu. Kama daftari lile lilikuwa na mtu mmoja aliyeandikiwa, ni huyu.

"Nani alianza?"

Theofrida akanyoosha mkono. "Mimi, Madam."

"Njoo mbele. Kwa nini?"

Theofrida akaanza kwa Kiingereza, akakwama, akatupa jicho mlangoni.

"Ongea Kiswahili. Kwenye kipindi changu hakuna kibao."

"Madam, Kiswahili hakitoki kwenye mtihani. Mwaka jana nilisoma vyote, muda ukaniishia. Mwaka huu nikasema nishike kinachotoka tu. Wenzangu wakaona kizuri, nikawakatia na wao. Vilivyobaki nikampelekea Mama Zaina. Na Madam, ukikutwa unakariri upande ule unavikwa kibao. Mimi nimeshavikwa mara nne. Upande wa kulia hata Mwalimu Gunda akipita unasoma kwa sauti."

"Na umeushika?"

"Wote, Madam. Namba moja mpaka sabini na nane."

"Namba kumi na nne."

Theofrida akanyooka kama yuko gwaride. "*A floating body displaces its own weight of the fluid in which it floats.*"

Darasa likanong'ona kwa sifa. Kitu kinachoelea huhamisha kimiminika chenye uzito sawa na wake: hakukosea hata herufi. Perpetua akaenda kabatini, akatoa mizani ya springi na jiwe lililofungwa uzi, akavuta ndoo ya maji. Akampa mizani.

"Pima. Soma kwa sauti."

"Niutoni tano, Madam."

"Lizamishe lote. Lisiguse chini."

Jiwe likaingia majini. Mshale ukapanda. "Niutoni tatu."

Perpetua akageuka ubaoni, akaandika swali kama lilivyozoeleka kwenye mitihani: *A stone weighs 5 N in air and 3 N when totally immersed in water. Find the upthrust.* Yaani, maji yanalisukuma jiwe juu kwa nguvu kiasi gani. Kwa darasa hakulitafsiri.

Theofrida alilisoma. Midomo yake ikapita kwenye namba moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaribu funguo. Kisha uso ukachangamka. Akachukua chaki, akaandika: *5 N. A floating body displaces its own weight.*

"Hilo jiwe linaelea?" Perpetua akauliza.

"Hapana, Madam. Limezama."

"Sasa sheria ya vitu vinavyoelea inatafuta nini hapo?"

Theofrida akaangalia ubao, akaangalia mkono wake uliokuwa bado umeshika mizani. Jibu alikuwa amelishika, maana mshale ulitoka tano hadi tatu mbele ya macho yake, na bado hakuliona. Akaanza kulia, bila sauti.

"Usilie. Soma hiki." Perpetua akamtolea kipande kutoka kwenye boksi, kile chenye doa la mafuta.

Theofrida akasoma. Akarudia mstari wa mwisho. Kutoka nyuma sauti ya mvulana ikasema, "Kinanukia andazi," darasa likacheka, na Perpetua akawageukia kwa namna iliyowafanya wanyamaze kabla hajasema neno.

"Kwa hiyo ni mbili," Theofrida akasema polepole. "Tano toa tatu. Kilichopungua kwenye mizani ndicho maji yanachokisukuma. Madam, mbona ni rahisi hivi?"

"Ilikuwa rahisi Julai. Ukaipeleka kibandani."

Siku hiyohiyo saa nane alirudi kwa Gunda.

"Hukukata. Nilikukosea kwa hilo, na nasema mbele ya walimu wote walionisikia asubuhi. Lakini wamekata kwa kuogopa kibao chako. Mtoto ameshika sentensi sabini na nane na hawezi kutoa tatu kwenye tano. Hiyo ni kazi yako, na hiyo siiombei radhi."

"Mtihani ni wa Kiingereza, Madam. Sikuutunga mimi."

"Najua ni wa Kiingereza. Ndiyo maana nataka waelewe wanachokiandika humo."

"Ukiwazoesha Kiswahili watajibu kwa Kiswahili. Nimesahihisha karatasi kama hizo. Jibu sahihi kabisa, na alama ni sifuri."

Hilo lilikuwa kweli, naye alilijua. Ndilo lililomuudhi zaidi. Akaondoka.

Wiki mbili zilizofuata aliandika upya. Safari hii hakuchora mstari wa wima. Mstari mmoja wa Kiswahili, chini yake mmoja wa Kiingereza, tena Kiswahili, tena Kiingereza, ukurasa mzima, mbele na nyuma. Kila sentensi ya mtihani ilikuwa imebanwa kati ya maelezo yake. Ukipitisha mkasi popote unakata vyote viwili. Alipozigawa hakutoa hotuba. Alisema tu, "Kateni sasa."

Jaribio la mwisho kabla ya mtihani wa taifa lilifanyika Oktoba. Swali la saba lilikuwa la chuma: niutoni nane hewani, saba majini. Perpetua alikuwa akisimamia. Theofrida alifika hapo, akaweka kalamu chini, akafumba macho. Midomo ikaanza kucheza, na katika ukimya ule kila mtu alisikia mnong'ono: limezama, halielei, kilichopungua ndicho...

Mlango ukafunguka. Gunda alikuwa kwenye zamu yake, kibao mkononi. Akamwangalia Theofrida, akapiga hatua.

Perpetua akasimama mbele yake, karibu kiasi cha kunusa chai aliyokunywa.

"Huyu anaongea Kiswahili kwenye chumba cha mtihani," Gunda akasema kwa sauti ya chini.

"Anafikiri. Angalia anachoandika."

Theofrida hakuwa amewaona. Alifumbua macho, akachukua kalamu. Gunda akanyoosha shingo juu ya bega la Perpetua, na wote wawili wakausoma mkono wa msichana ukienda, bila kusita: *Upthrust = apparent loss in weight = 8 N - 7 N = 1 N.* Akapiga mstari chini kwa rula, akafungua ukurasa.

Kamba ya kibao ilikuwa imejizungusha kwenye vidole vya Gunda.

"Jaribio moja tu hili," akasema.

"Ndiyo, moja. Sasa toka, unawapotezea muda."

Akatoka. Perpetua akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo. Akahesabu madirisha yaliyoko mbele yake hadi mwisho na kurudi, na hasira ilikuwa bado haijaisha. Kwenye dawati la kwanza midomo ya Theofrida ilikuwa imeanza tena, sasa kwa swali la nane.