Ukurasa wa Tatu

Miaka ile, ukitaka barua ya kulainisha moyo wa mkubwa pale Kitale, uliambiwa: nenda kwa Sharifo, yule Mama Mulki, jirani na msikiti. Mwanamke huyo, bwana! Alikuwa na kompyuta moja kuukuu, printa inayokohoa, na maneno ya asali. Barua ya kumsihi mwenye nyumba, barua ya kumbembeleza hedimasta, zote zilipita mikononi mwake, na zote zilimalizika kwa shukrani. Barua isiyo na asante, alizoea kusema, ni mgeni aliyeondoka bila kuaga.

Juni 2004 akaingia mzee Wakhungu, fundi viatu wa mtaa wa Matisi. Akatoa mfukoni karatasi moja tu.

"Mama Mulki, hii ni mwisho ya barua ya malalamiko. Napeleka kliniki moja huko Bungoma. Mzee wa kanisa anasema hii mwisho ni kali, ati watakasirika wakatae kunijibu. Nipunguzie ukali."

"Na kurasa zingine, mzee?"

"Ziko nyumbani. Hizo ziko sawa." Akatazama pembeni. "Hizo sitaki mtu asome."

Hapo Sharifo angekataa katakata. Angesema siandiki mwisho bila kuona mwanzo, na mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa anajiamini mno, na sifa za watu zilikuwa zimemlevya. Akachukua karatasi akaisoma:

*Nataka maswali yangu matatu ya ukurasa wa kwanza yajibiwe ndani ya siku kumi na nne. Mgonjwa wangu aliachwa peke yake. Msiponijibu nitafuata sheria.* Na chini kabisa: nakala kwa ofisi ya afya ya wilaya.

Lo, hasira zote hizi za nini! Akaanza kupiga chapa. Siku kumi na nne zikawa "mtakapopata nafasi". Maswali matatu yakawa "jambo lile". "Aliachwa peke yake" ikawa "najua mna kazi nyingi". Sheria akaifuta. Nakala akaifuta pia, maana aliiona ni vitisho. Kisha, kama kawaida yake, akatia asante: *Nawashukuru kwa huduma yenu, na naamini mtaendelea kumtunza mgonjwa wangu.*

"Nikusomee?"

"Hapana. Nipe kalamu." Akatia sahihi, akaenda kuiunganisha na zile kurasa mbili.

Baada ya wiki tano akarudi. Hakukaa. Akaweka mezani jibu la kliniki: *Kwa kuwa katika ukurasa wa mwisho umeshukuru kwa huduma na hukudai jambo lolote, tumeyafunga malalamiko haya.*

Kando yake akaweka nakala ya kurasa mbili za kwanza. Sasa Sharifo akazisoma. Binti wa mzee, Nakhungu, miaka ishirini na miwili, aliingia kliniki Jumanne asubuhi na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Adhuhuri baba akaitwa aje kuchukua maiti mbili. Mtoto alikuwa ameshafungwa kwenye shuka. *Swali la kwanza: nani alikuwa zamu? La pili: kwa nini aliachwa peke yake? La tatu: je, mtoto alilia?*

Sharifo akashika kichwa. "Ya Rabi! Mzee wangu, nimewaomba waendelee kumtunza aliyekufa!" Akalia mbele yake bila kujizuia.

"Mimi ndiye nilificha," Wakhungu akasema.

Siku hiyo hiyo aliiandika upya, kurasa zote tatu zikiwa mbele yake. "Tafadhali" aliiacha, maana heshima si kosa. Lakini siku kumi na nne zilirudi, maswali matatu yakarudiwa neno kwa neno, nakala ikarudi mahali pake, na akaongeza kwamba ukurasa wa mwisho wa barua ya kwanza umefutwa. Safari hii akamsomea mzee mpaka mwisho, kisha ndipo akampa kalamu.

Jibu likaja siku ya kumi na mbili. Sharifo akalisoma kwa sauti ndogo. Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa peke yake na wajawazito wanne. Aliacha kazi wiki tatu zilizopita, na hajulikani aliko. Kwenye faili hapakuandikwa kama mtoto alilia.

Sharifo akahesabu wiki kwa vidole. Barua ya kwanza ilipofika, muuguzi huyo alikuwa bado yupo pale kazini. Angeulizwa, angesema. Akamwambia mzee hivyo hivyo, bila kupunguza.

Wakhungu akaichukua ile barua. Kisha akauliza, "Mama Mulki, wewe umezaa?"

"Wanne."

"Mtoto akitoka, alie au asilie, mama anajua?"

Sharifo akatafuta neno laini, akalikosa. "Anajua, mzee."

Wakhungu akaikunja barua, akaitia mfukoni.

"Basi Nakhungu anajua," akasema. "Ni mimi tu sijui."