Arobaini Elfu ya Ukumbi

Bi Rula aliishia darasa la saba, lakini mwaka wa tisa huu ndiye mkaguzi wa chama cha kuweka na kukopa. Jina alilipata kwa rula ya mbao anayoiweka chini ya kila mstari. Mchana ule mgongo ulimuuma na macho yalimwasha. Mkutano mkuu ulikuwa kesho. Mwenyekiti alikuwa ameona ziada kwenye taarifa ya mapato na matumizi iliyochapwa na karani haifanani na ile iliyopitishwa na kamati, na mhazini alikuwa ameshamwambia karani, mama wa watoto wawili, akusanye vitu vyake.

"Kaharibu tarakimu zote," mhazini alisema. "Hafai."

"Zote ndiyo ngapi, kaka?"

Bi Rula akamgeukia karani.

"Haya. Mwanangu, soma taarifa ile ya kamati. Mimi naifuata hii mpya."

Karani akasoma, pua imeziba kwa kulia. Ada, sawa. Riba, sawa. Kodi ya ukumbi wanaoukodisha kwa sherehe, laki tatu. Rula ikasimama: hapa laki mbili na sitini. Kwenye matumizi: mishahara, pango la ofisi, vifaa, sawa. Usafiri, laki moja na ishirini. Rula ikasimama tena: hapa laki mbili na kumi.

Kisha jumla. Mapato yalikuwa milioni mbili na laki nne. Sasa yamepungua arobaini elfu. Ziada nayo imepungua arobaini elfu. Matumizi hayajasogea, ingawa usafiri umepanda tisini elfu.

Bi Rula akajumlisha upya, kidole kwa kidole, akimwomba Mungu amwepushe na uchovu wake mwenyewe. Majibu yakabaki yaleyale.

"Mwanangu, usafiri ni wako. Umepindua moja na mbili, jumla ukaiacha ilipokuwa."

"Ni wangu, mama. Nisamehe."

"Lakini kodi ya ukumbi imepungua, na jumla ikaifuata mpaka kwenye ziada. Kidole kilichoteleza hakipandi ngazi tatu." Akavua miwani. "Nani mwingine aliigusa?"

"Mhazini aliipitia kwenye kompyuta Jumamosi. Akaniambia nichape tu, nisisumbuke kulinganisha."

Feni iliguna juu yao. Mhazini akavuta kiti, akaketi kama gunia.

"Shemeji alifanyia sherehe ukumbini. Stakabadhi nilimkatia, pesa sikuiona. Nikasema nipunguze hiyo arobaini elfu."

"Na huyu afukuzwe kwa sherehe ya shemeji yako?"

Bi Rula hakufurahi. Alitamani kitanda tu. Akaandika orodha: tarakimu mbili za ndani, jumla mbili zilizofuata moja, na jumla ya matumizi, iliyogoma kuifuata nyingine.

"Rudisha zote kama za kamati, mwanangu, halafu uzisome upya kabla hujachapa. Vitu vyako viache hapo vilipo. Wewe kaka, hiyo arobaini utaieleza mwenyewe kesho, mbele ya watu. Mimi nitasoma orodha tu."

Akaifuta rula kwa upindo wa kanga, akaitia mkobani.