Mugongo wa Saa

Mama Euphrasie wa Lubutu alitaka saa ya kumupimia mume wake mapigo ya moyo. Akaniomba picha: kifungo cha mukanda, mugongo wa saa, maandishi ya karto, lile boksi lake. Mimi Okito, muuzaji wa saa, mushenzi mimi, nikapiga picha saa yangu mwenyewe, ya kweli. Kisha nikamutumia ya bandia: mugongoni iko taa ya kijani tu, jicho la kupokea mwanga na kusoma mapigo limechorwa kwa rangi.

Leo ameniletea picha kwenye simu. Ile saa ameifunga kwenye chikwange, mkate wa muhogo, inaonyesha mapigo 76.

"Mwana wangu, asubuhi mume wangu alipokufa, pia iliandika 76. Chikwange nayo iko hai?"

Nikaangalia mukono wangu. Saa yangu, ile ya kweli, iliandika 131.