Mama Hajambo

Mwanamkasi alizaliwa Pangani, mahali ambapo mtu hakupi hata habari ya moto kabla hajakuuliza umeamkaje. Kwa hiyo Chihiro, Mjapani aliyesoma naye, alipomwambia kwamba kwao hakuendwi hivi hivi, kuna salamu zake na lazima afundishwe, alicheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Yeye, mtoto wa pwani, afundishwe kusalimia!

Hakucheka muda mrefu. Walikuwa wanasoma pamoja uhandisi wa maji, shahada ya pili, na katika darasa zima Chihiro ndiye peke yake aliyekuwa akimngoja mlangoni kipindi kikiisha. Wengine walikuwa watu wema, lakini wema wao ulikuwa wa kukuuliza hali huku wamekwisha kukupita. Mwanamkasi alikuwa na chumba Selly Oak, dirisha linatazama mapipa ya taka, na jiko la kuchangia na wenzake ambao kila mmoja ameandika jina lake kwenye maziwa yake. Tangu afike Birmingham hakuwa ameingia nyumba ya mtu. Sasa ameitwa Northfield, Jumamosi, chakula cha mchana, kwa baba na mama wa mtu. Hata angeambiwa aingie kwa kupiga sarakasi, angejifunza sarakasi.

Wakaanza masomo mkahawani. Ukifunguliwa mlango unasema *O-jama shimasu*, yaani nakuja kuwasumbua.

"Kwetu tunapiga hodi," Mwanamkasi akasema, "na mwenye nyumba anasema karibu. Hatuanzi kwa kujishtaki."

"Wewe jishtaki tu. Mama atakwambia uingie ndani."

Halafu kuinama. Hapo palikuwa na mazungumzo marefu, maana Mwanamkasi rukuu yake ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe si baba yake Chihiro. Wakakubaliana kichwa na mabega, basi. Zawadi haitolewi mlangoni kama barua ya posta. Mnakwenda ndani kwanza, unaitoa mfukoni, unaigeuza imwelekee mpokeaji, unaitoa kwa mikono miwili. Kisha ile sentensi kubwa, kwamba Chihiro amekuwa akinitunza siku zote. *Itsumo osewa ni natte orimasu.* Mwanamkasi aliisema akipika, aliisema akioga, aliisema ndani ya basi mpaka mama mmoja akahama kiti.

"Na mwisho," Chihiro akasema, "watakuuliza wazazi wako hawajambo. Unajibu *okagesama de, genki desu*. Maana yake wazima, kwa kivuli chenu."

"Kwa kivuli chenu," Mwanamkasi akarudia. Akachukua kikombe chake, akakuta hakina kitu, akanywa hivyo hivyo.

Baba yake Mwanamkasi alikufa zamani, hata sura yake hakuikumbuka. Mama yake alikufa mwezi wa pili mwaka huu. Simu ilimkuta asubuhi, na kabla hajajua hata tiketi inauzwaje, mama alikuwa amekwisha kuzikwa, maana maiti wa Kiislamu hangoji ndege. Siku hiyo Mwanamkasi alivaa koti akaenda darasani. Akaandika aliyofundishwa. Hakumwambia mtu, wala Chihiro, na siku zilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kuanza, maana utamwambiaje mtu mwezi wa tano kwamba ulifiwa mwezi wa pili na mkala naye chipsi siku ile ile? Lakini hiyo haikuwa sababu yenyewe. Sababu yenyewe ni kwamba aliogopa kuambiwa pole. Asiyepewa pole hajafiwa. Alilijua hilo kuwa ni jambo la kitoto, na alilishikilia kwa mikono miwili.

Angeweza kumwambia Chihiro pale pale mkahawani. Badala yake alisema, "Rudia polepole," akajifunza sentensi.

Ijumaa alikwenda Sparkhill kununua halua. Duka la Bi Saleha liko Stratford Road, na Bi Saleha ni Mzanzibari ambaye hata viungo vikimwishia dukani, maneno hayamwishii.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda! Ni hiyo masters au ni hii baridi? Mama hajambo?"

"Hajambo, bibi. Anakusalimu."

"Na zimfike salamu zangu. Chukua na kashata hizi, free, hiyo offer yako wewe tu."

Unaona ilivyo rahisi. Kwetu jibu la salamu ni salama hata kama paa linaungua. Unasema salama kwanza, kisha unasema *ila*. Mwanamkasi tangu mwezi wa pili alikuwa akiishia kwenye salama. Ile *ila* alikuwa akitoka nayo dukani, anapanda nayo basi, analala nayo.

Jumamosi Chihiro alimpokea kituoni Northfield, wakatembea hadi nyumba ya matofali mekundu iliyofanana na jirani zake zote. Baba alikuwa fundi mkuu katika kiwanda cha vipuri vya magari, na walikuwa na miaka minne hapa. Mlango ulipofunguka, ndani palikuwa Japani kuanzia kwenye mkeka wa mpira. Viatu vinaishia hapo, nyayo tupu haziruhusiwi kugusa mkeka, na ndara za wageni zimekwisha kupangwa zikimtazama.

"*O-jama shimasu*," Mwanamkasi akasema, na sauti ikamtoka nyembamba.

"*Irasshai. Dōzo, dōzo.*" Mama yake Chihiro alikuwa mfupi, nywele zina mvi mbele tu, na alinyoosha mkono kuonyesha ndani kwa namna ambayo haikuhitaji mkalimani. Karibu ni karibu. Mwanamkasi aliingiza miguu katika ndara haraka, maana salamu bado zilikuwa nyingi na hakutaka kuharibu kazi mwanzoni.

Hakuharibu. Alisema *hajimemashite*, salamu ya wanaoonana mara ya kwanza, akataja jina lake, akainama kichwa na mabega. Akaisema ile sentensi kubwa yote bila kukwama. Baba mtu, aliyesimama mikono ubavuni kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, akakodoa macho, akamtazama mkewe. Mama akafunika mdomo kwa mkono, akajibu kwa haraka huku akiinama kwamba hapana, hapana, ni Chihiro ndiye anayetunzwa. Wakaketi. Halua ikatolewa, ikageuzwa, ikapokewa. Mama akaeleza, Chihiro akitafsiri, kwamba wali na samaki havina mvinyo wa kupikia hata tone, amesoma vibandiko vya chupa zote. Baba akasema Kiingereza chake cha kiwandani, "All halal. Checked twice."

Kisha mama akaweka kikombe chini, akamgeukia mgeni, akauliza taratibu ili aelewe: wazazi wako hawajambo?

Mwanamkasi aliliona swali likija kama mtu anavyoliona basi lake. "*Hai*," akasema, yaani ndiyo. "*Okagesama de, genki desu.*"

Wote watatu wakapiga makofi. Chihiro alimkanyaga mguu chini ya meza kwa furaha.

Ingekuwa Pangani, salamu zingeendelea mpaka mbuzi. Hapa ziliishia pale, na maulizo ya kweli yakaanza. Mama yako anafanya kazi gani? Ana maandazi, Mwanamkasi akasema, anauza. Anapenda nini? Anapenda redio. Anagombana nayo, inaposoma habari anaijibu. Wakacheka. Akawaambia jinsi mama anavyopika chai ya tangawizi mpaka inakuna koo, na jinsi anavyoficha miwani yake kichwani na kuitafuta nyumba nzima. Kila alichosema kilikuwa kweli, ila wakati wake tu ulikuwa umepita. Alisema sana. Hajapata kusema hivyo tangu afike nchi hii, na alikuwa na furaha, furaha mbaya, ya kula kitu ambacho huwezi kukilipia. Kwenye nyumba hii mama yake alikuwa mzima. Alikuwa ameketi pale na wao, anaulizwa habari zake. Mwanamkasi aliongeza wali ili asiondoke.

Lakini mgeni huondoka. Saa kumi alivaa viatu vyake pale kwenye mkeka, akavaa koti, akageuka kuaga. Mama yake Chihiro akaja kutoka jikoni na kitu kilichofungwa ndani ya kitambaa cha buluu, fundo limekaa vizuri juu. Akakitoa kwa mikono miwili.

"*Okaasama ni*," akasema, "*yoroshiku o-tsutae kudasai.*"

"Ni chai ya kijani na biskuti za mchele," Chihiro akasema. "Za mama yako. Mama anasema ukienda likizo umpelekee, na umpe salamu zetu. Anasema mwanamke anayegombana na redio anastahili chai nzuri."

Mwanamkasi alinyoosha mikono miwili, akapokea. Kwa hili hakuwa amefundishwa sentensi. Akainama kwa sababu ndicho alichokijua, kichwa na mabega, kisha zaidi ya mabega, na alipofika chini akaona hawezi kuinuka, uso umekwisha kulowa.

Kwao mwenyeji hainuki kabla ya mgeni. Mama yake Chihiro alipoona mgeni yuko chini bado, akainama tena, chini zaidi. Baba aliyekuwa nyuma yake naye akainama. Wakakaa hivyo watu watatu katika ukumbi mwembamba wa Northfield, vichwa vinakaribia kugongana, kila mmoja akimheshimu mwenzake, na Chihiro katikati hajui acheke ama afanye nini.

"Mwana?" akaita. Ndivyo alivyomwita. "Inatosha. Inuka."

"Amekufa," Mwanamkasi akauambia mkeka, kwa Kiswahili. Kisha akasema kwa Kiingereza, ili asije akajificha tena. "Mama yangu amekufa. Mwezi wa pili."

Chihiro akasema, "Lakini umesema hajambo. Umesema mezani."

"Nilikuwa nasalimia."

Baba aliinuka kwanza, akaweka mkono ukutani. Mama hakungoja tafsiri, maana neno la kifo ni miongoni mwa maneno ambayo mtu huyajua mapema ugenini. Alisema kitu kifupi, kisha kitu kirefu, kwa sauti ya chini kabisa, akitazama si uso wa Mwanamkasi bali mikono yake iliyoshika kile kifurushi.

"Anakuomba radhi," Chihiro akasema. "Hakujua. Halafu amesema… hiyo nyingine sijui nikuambieje. Ndiyo tunayomwambia mtu aliyefiwa. Kwa Kiingereza haitoshi."

Haikuhitaji Kiingereza. Mwanamkasi aliitambua kama mtu anavyotambua hatua za wa kwao nje ya mlango. Ilikuwa pole. Miezi yote ile alikuwa ameikwepa, Sparkhill ameikwepa, darasani ameikwepa, na imemngoja hapa, kwa watu ambao asubuhi ile hakuwa akiwajua. Na pole ina jibu moja tu, lisilohitaji kukumbukwa wala kufundishwa.

"Nishapoa, mama," akasema.

Wala hakuwa amepoa. Akakaa kwenye ngazi za watu, na koti lake na viatu vyake ndani ya nyumba yao, akaanza kumlilia mama yake.