Ukungu wa Upande wa Kushoto

Miaka kumi na moja nimekaa mbele ya kompyuta hii nikiondoa vitu kwenye picha za watu: chunusi, waya za umeme, mashemeji walioachika. Kazi naijua, na sipendi kufundishwa. Bosi wangu ananiita Fagio, na kwa muda mrefu nililipenda jina hilo.

Yule mama alikuja studio Jumatano asubuhi, na bahasha kaibana kwapani. Mwanawe wa pekee, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa la ghala siku mbili nyuma. Maziko yalikuwa Ijumaa, naye alitaka picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha ya kitambulisho na memori kadi ndogo iliyofungwa kwenye karatasi.

"Hii ya kitambulisho ni ya zamani," alisema. "Ana miaka kumi na minane, kanuna kama kaamshwa usingizini. Lakini sura inaonekana. Ya kazini iko humo kwenye kadi, moja tu. Mwenzake alimpiga picha kwa simu, na simu yenyewe ilishavunjika. Mwekee cheche zake, mwanangu. Watu wamuone na kazi yake."

"Nimekuelewa, mama. Njoo kesho."

"Hutaki nikuonyeshe?"

"Hapana, mama. Hizi ni kazi za kila siku." Sauti yangu ilikuwa ya kumwahisha mlangoni, na hilo silisahau.

Nilifungua ile picha moja kwa moja kutoka kwenye kadi, maana kompyuta yetu imejaa hadi pomoni na hatuna desturi ya kunakili. Ilikuwa giza tupu, na katikati mkondo wa cheche ukiruka kutoka kwenye mashine ya kusagia chuma. Nilifurahi. Picha ya namna hiyo haihitaji kukatwa kwa mkasi, na ole wako ukijaribu kukata cheche mojamoja. Unaiweka leya ya cheche, yaani tabaka lake, juu ya picha nyingine, unabadilisha modi kuwa Screen, basi. Modi hiyo inajumlisha mwanga. Palipo na mwanga panang'aa zaidi, na palipo na weusi hakuna cha kujumlisha, kwa hiyo weusi unapotea wenyewe na picha ya chini inabaki kama ilivyokuwa.

Kwanza sikuona kitu. Kitambulisho kilikuwa na ukuta mweupe nyuma, na juu ya weupe cheche hazionekani, kwa sababu cheupe hakiwezi kuongezwa weupe. Nikamkata kijana, nikamtoa kwenye ule ukuta, nikamwekea nyuma rangi ya buluu iliyokolea. Cheche zikatokea, za dhahabu, zikimpitia begani. Hata mimi nilitikisa kichwa kwa raha.

Kasoro ilikuwa moja. Upande wa kushoto kulikuwa na utando wa kijivu, kama ukungu kwenye kioo cha bafuni, umemtanda kijana shavuni. Ukungu wa namna hiyo naujua. Unakuja pale ambapo weusi wa picha si weusi kamili, na Screen haiachi hata chembe ya mwanga ipite bila kuijumlisha. Dawa yake ni kurudi kwenye picha ya cheche, kukisukuma kitelezi cha weusi, kile kialama cha kuburuta kwa mausi, mpaka kila kilichofifia kiwe cheusi tii. Nikasukuma. Ukungu ukakatika, shavu likawa safi. Nikahifadhi picha ya cheche palepale kwenye kadi, kwa jina lilelile, juu ya ile ya kwanza, nikafunga, nikaenda kunywa chai.

Kesho yake mama alifika mapema. Nilipomwonyesha picha kubwa aliweka mkono mdomoni.

"Mungu akubariki. Kama yuko kazini kabisa." Alilia kidogo, akajifuta kwa mtandio. "Sasa nitolee na ile yenyewe, ndogo, niiweke chumbani. Ile anayocheka."

"Ipi, mama?"

"Si ile ya kwenye kadi? Yuko pale kushoto, kainua miwani, anacheka. Ni giza, lakini ukipandisha mwanga wa simu mpaka mwisho, ukajifunika mtandio, unamwona hadi meno. Binti wa jirani ananiazima simu yake, namtazama kila siku."

Nilifungua faili. Nilipandisha mwanga mpaka mwisho, nikajaribu kila kitu ninachokijua. Upande wa kushoto ulikuwa weusi mmoja, bila doa. Bosi akaja na programu yake ya kufufua mafaili. Ilifufua nyimbo tatu na picha ya baiskeli.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu muda wote huo.

"Mama," nikasema, na sikuweza kugeuka. "Nimeifuta. Kulikuwa na ukungu, nikadhani ni uchafu wa picha, nikausafisha. Sikujua ni yeye. Wala sikutazama, na sikubakiza nakala."

"Ulisema ni kazi za kila siku."

"Nilisema."

Bosi akajitia kupanga fremu. Nilisubiri mama anitukane, na ningeshukuru. Badala yake alivuta stuli, akakaa karibu nami, akainamia kioo cha kompyuta mpaka pumzi yake ikakitia unyevu.

"Zile za kung'aa hukuzigusa?"

"Cheche? Hapana. Ziko zote."

Aliweka kidole kwenye kioo. Mkondo wa cheche ulitoka katikati ukaenda kushoto, kisha ukakatika ghafla, kama uliokatwa kwa wembe. Chini kidogo ukaanza tena. Nilikuwa nimeutazama mkato huo siku nzima bila kujiuliza kitu. Kijana alikuwa amesimama mbele ya cheche zake mwenyewe, na pale alipozikinga hazikuonekana.

"Hili bega," mama alisema. Kidole kikashuka polepole. "Huu mkono. Hapa kiwiko, alikivunja akiwa darasa la tatu, hakikunyooka tena." Akapanda juu, mpaka pale cheche chache zilipozunguka kitu cha mviringo. "Na hiki kichwa."

Ndani ya mviringo huo hapakuwa na kitu. Uso wenyewe nilikuwa nimeumaliza.

Nililia, na sikuona haya. Mama hakunibembeleza, wala sikustahili. Alipoinuka alisema, "Ile ya buluu iache. Nitolee hii, kubwa, na giza lake lote."

"Watu hawataona kitu, mama. Wataona cheche tu."

"Kwenye ile ya buluu hayumo. Hapa yumo."

Alisema kweli. Katika ile ya buluu cheche zilizokatika zilikuwa urembo tu, kwa kuwa kile kilichozikata kilikwenda pamoja na weusi.

Ijumaa nilikwenda mazikoni, nikasimama nyuma kabisa. Picha ilikuwa mbele ya jeneza, nyeusi, na mkondo wake wa dhahabu. Watu walinong'onezana kuwa studio imekosea, na nikaacha waseme. Kila aliyeuliza marehemu yuko wapi, mama alimshika kiganja, akampitisha kidole chake kwenye ule mkato: begani, mkononi, kwenye kiwiko kilichopinda, kichwani.

Zamu yangu ilipofika alinitambua. Alinishika kiganja vilevile, akanipitisha mpaka kichwani, kisha akakiacha kidole changu pale kwenye weusi, mahali pa uso.

"Hapa alikuwa anacheka," akaniambia.