Tofu Iliyolia Jikoni Tu

Nilipika tofu ile vizuri. Naanzia hapo kwa sababu wakati ule hakuna aliyeniamini, na mwishowe hata mimi nilianza kujishuku.

Mimi ni Glory, mpishi wa nyumba ya wageni ya Mzee Kornelio, juu ya Lushoto, barabara ya kwenda Magamba. Jiko letu liko upande mmoja wa uwanja na banda la kulia liko upande wa pili, maana aliyejenga hakutaka wageni wanuke moshi. Katikati kuna ngazi za mawe, na ukungu unapita hapo kama mtu aliyelipia chumba.

Dada Rukia alitufikia kutoka Tanga siku ya Ijumaa. Kazi yake ni kuongoza makundi ya watu wanaotembea milimani, na wengi wao hawali nyama, samaki wala mayai. Alikuwa anatafuta nyumba ya kuwalaza kila watakapopanda huku. Vyumba vilimpendeza, bustani ikampendeza. Kilichobaki kilikuwa tofu, maziwa ya soya yaliyogandishwa yakawa donge jeupe lisilo na harufu, lisilo na ladha, lisilo hata na adabu ya kujieleza. Alikuja nayo mwenyewe kwenye ndoo ya maji, imetengenezwa na akina mama anaofahamiana nao. Aliitaka kavu nje na laini ndani, ilie mtu anapoitafuna. Angekula kwetu mpaka Jumapili, ndipo aamue.

Mzee Kornelio aliniita pembeni. "Glory, kama huiwezi sema mapema. Kuna mpishi Moshi amepikia hoteli kubwa, hachoki kunipigia simu."

"Nitaiweza, Mzee," nikamjibu.

Lile ndilo jiko la kwanza maishani mwangu kuwa langu. Nilianza pale nikimenya viazi, na aliyenitoa kwenye viazi akanifikisha kwenye sufuria ni Hadija, ambaye sote tunamwita Mama Shabani. Yeye ndiye mwandazi wetu wa meza. Chakula kikitoka mikononi mwangu kinaingia mikononi mwake, na tangu hapo mpaka mezani ni himaya yake, hata Mzee Kornelio haingilii. Sikuwa tayari kumwachia mtu wa Moshi jiko lile, hata awe amepikia wafalme.

Ijumaa jioni tofu ilinidhalilisha. Dada Rukia alikuwa amenielekeza niikamue, lakini niliona ni upuuzi kukifinya kitu kilicholala majini tangu Tanga, nikaipangusa tu na kuitia kwenye mafuta. Ikarusha mafuta mpaka ukutani, ikang'ang'ania kikaango, nikaibandua ikiwa matambara. Dada Rukia alikula wali na mchicha, tofu akaisukuma pembeni. Hapo kosa lilikuwa langu.

Usiku nilikasirika, na asubuhi nikaamka nayo hasira hiyo hiyo, nikafuata maelekezo neno kwa neno. Donge nililifunga kwa kitambaa safi, nikaliweka kati ya vibao viwili vya kukatia, juu yake nikatwika sufuria la maharage mabichi. Nusu saa ilipopita kitambaa kilikuwa kimelowa chapachapa na donge limepungua unene. Nikakata vipande vya unene wa kidole, nikavipangusa tena kimoja kimoja, nikavinyunyizia chumvi na unga kidogo wa muhogo. Kikaango kizito cha chuma nikakipasha kwanza kikiwa kitupu, moto wa kati uliochangamka kidogo, kisha mafuta. Nilidondosha chembe ya unga, ikachemka papo hapo bila mafuta kutoa moshi. Nikapanga vipande visigusane, nikafunga mikono nyuma.

Hapo ndipo kwenye kazi, kufunga mikono. Unatamani kukigeuza, kukisogeza, kukichungulia. Ukikigusa mapema ngozi inabaki kwenye chuma. Dakika ya tatu nilikisukuma kimoja kwa ncha ya kijiko, kikakataa. Ya tano kikasogea chenyewe, bila kulazimishwa, chini kimekuwa rangi ya ganda la karanga. Nikavigeuza vyote, dakika nne nyingine, nikavitoa juu ya wavu wa waya vichuje. Nikauma kimoja. Kililia. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu.

"Mama Shabani, peleka," nikasema, na nikasimama mlangoni kusubiri sifa.

Mama Shabani alirudi na sahani. Vipande vilikuwa vimeumwa kidogo kidogo. "Anasema ni laini," akaniambia kwa huruma. "Anasema ina ngozi kama ya maziwa ya jana."

Nikaenda kwenye wavu, kulikuwa na kipande kimoja nimekibakiza. Nikakiuma. Kililia. Nikachukua kimoja kutoka kwenye sahani ile, nikakiuma. Kimya. Tofu moja, kikaango kimoja, mafuta yale yale. Nikadhani labda moto wa gesi umepiga upande mmoja zaidi. Kisha nikadhani huyu dada ana meno ya namna gani. Kisha, nakwambia ukweli, niliwaza mambo ya watu kuchezeana kishirikina, na mimi ni Mlutheri.

Jioni nikamwita Mzee Kornelio jikoni kabla chakula hakijatoka. Akatafuna kipande kikiwa kwenye wavu, wote tukasikia. Akatikisa kichwa kuridhika. "Hii ndiyo," akasema. "Naenda kukaa naye mezani, leo hatanidanganya mtu."

Alirudi baadaye amekunja uso.

"Glory, umebadilisha vipande?"

"Nibadilishe na nini, Mzee? Tofu yote ndiyo hiyo."

"Nilichokula hapa na nilichokula kule si kitu kimoja."

"Ni kitu kimoja. Ulikiona kikitoka."

"Nilikiona," akakubali, na akakaa kwenye gunia la viazi kama mtu aliyefiwa. Wote wawili tulikuwa wakweli. Mwishowe alisema kwa upole, na upole wake ukaniogopesha kuliko ukali: "Kesho mchana ni mara ya mwisho. Baada ya hapo nitampigia yule wa Moshi. Usinione mbaya."

Jumapili sikwenda ibada. Nilikamua tofu saa nzima badala ya nusu. Niliwaza labda ni ukungu, lakini ukungu haukuwepo, jua lilikuwa kali uwanjani. Niliwaza labda ni unga, nikachekecha upya. Nilipika kwa hofu kama mtu anayefanya mtihani ambao amekwisha kuupasi na bado anafelishwa. Ilitoka nzuri kuliko zote.

Mama Shabani alipoichukua, nilitia vipande viwili vya akiba kwenye kisahani nikamfuata. Sikuwa namshuku. Huyo ndiye mtu wa mwisho duniani ambaye ningemshuku. Nilitaka tu kuona kwa macho yangu ni wapi tofu yangu inapotelea.

Alivuka uwanja, sahani ameifunika kwa sahani nyingine. Akaingia kibaraza cha banda, penye kabati lake. Pale akamimina vipande vyote kwenye hotipoti, vikarundikana, akafunga mfuniko mpaka ukabana, akaifunga hotipoti nzima kwa kitambaa chake alichodarizi mwenyewe. Kisha akaenda kumnawisha mgeni. Akarudi kuchukua supu, akampa, akasubiri amalize bila kumharakisha. Akapeleka wali. Akapeleka mchicha. Alifanya yote kwa utaratibu ule ule alionifundisha mimi, ambao hata mimi kwangu ndio ninaoufuata, na kwa hiyo nilikuwa nimesimama natazama na sioni kitu. Nani aone? Kila nyumba niliyowahi kula, chakula kinakaa kwenye hotipoti. Chipsi zetu pale ni laini tangu nyumba ifunguliwe, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Mwisho akaweka hotipoti mezani, mbele ya Dada Rukia na Mzee Kornelio, akafungua mfuniko. Mvuke ukampanda usoni. Na upande wa ndani wa mfuniko niliona matone, mengi, yakikimbizana kwenda ukingoni na kudondokea tofu yangu.

Dada Rukia akatafuna. Akanitazama kwa masikitiko. "Dada, mbona bado..."

Nilimsogezea kisahani. Akachukua kipande changu, akauma, na banda zima likasikia. Akaacha kutafuna. Akatazama kisahani, akatazama hotipoti, akatazama mfuniko mkononi mwa Mama Shabani.

"Kwani ni mfuniko?" akauliza. Hakuwa na ubaya, alikuwa anashangaa tu. "Na mimi nyumbani nafunika hivyo hivyo. Wale akina mama hawakuniambia, kwao naila ikitoka motoni."

Mzee Kornelio akaanza kucheka kwa faraja, akasema, basi mtu wa Moshi apumzike. Nilijua nimelipata jiko langu, na nilitaka kufurahi, lakini nilimwona Mama Shabani. Alikuwa ameshika mfuniko kwa mikono yote miwili.

"Mgeni hapelekewi chakula wazi," akasema, si kwa yeyote kati yetu. Akaufutafuta mfuniko kwa upindo wa kanga, akaondoka.

Nilimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, mgongo kwangu. Aliyenifundisha kushika mwiko, nimemwaibisha mbele ya mgeni na bosi, na sikuwa hata nimefungua mdomo.

"Kumbe ni mimi," akasema.

"Mama, hakuna aliyejua. Hata mwenyewe mwenye tofu hakujua."

"Unapika, naharibu. Unapika, naharibu. Na nilikuwa narudi hapa kukupa pole." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Sasa niambie na wali wangu wa miaka yote."

"Wali unataka kufunikwa, Mama. Maharage yanataka kufunikwa. Ni hii tofu tu haina malezi."

Hakucheka. Aliinuka akaosha vyombo ambavyo si kazi yake kuosha, nami nikamwacha.

Dada Rukia aliomba sahani nyingine kabla ya safari, apate kula iliyo sawa. Nikapika, dakika tano, dakika nne, nikaipanga kwenye sahani bapa, kipande mbali na kipande. Nilikuwa nimeamua kuipeleka mwenyewe nimpunguzie Mama Shabani fedheha. Aliniwahi. Alikuwa amejifunga kanga upya, ameshika sinia. "Himaya yangu," akasema.

Aliweka sahani kwenye sinia, wazi kabisa, na nikamwona akigeuza uso kidogo ili asiitazame. Kisha akatwaa hotipoti kutoka kando yake, imefungwa, imevikwa kitambaa kilichodariziwa, akaiweka ubavuni mwa tofu. Nikaogopa.

"Mama, humo mna nini?"

"Hamna kitu," akasema. "Nione haya mara moja, si mara mbili. Sinia langu haliendi kwa mgeni bila mfuniko hata mmoja."

Akavuka uwanja, haraka kuliko kawaida yake. Nilibaki mlangoni nikisikiliza, mpaka kule bandani nikasikia mtu anauma.